Kwinini haiui malaria kwa uchungu wake

Dhana: Kwinini ni chungu, na damu ikishakuwa chungu vimelea hawawezi kuishi humo.

Uchungu unaishia mdomoni. Kinachomuua kimelea ni sumu inayotoka kwenye chakula chake mwenyewe, na kazi ya kwinini ni kumzuia asiitegue.

Akiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, kimelea anaishi kwa kula himoglobini. Anaimeza kidogokidogo na kuipeleka kwenye kifuko chake cha kumeng'enyea chakula, chenye asidi ya pH inayokaribia 5. Humo protini inakatwakatwa ili apate amino asidi za kukulia. Kinachobaki ni hemu, ile sehemu inayoshika madini ya chuma. Ndani ya himoglobini hemu haina madhara, lakini ikiwa huru inaharibu utando wa seli na kuchochea kemikali kali za oksijeni. Mwili wa binadamu una kimeng'enya cha kuivunja, kimelea hana. Yeye anaipanga hemu kuwa fuwele zisizoyeyuka ziitwazo hemozoini. Ndiyo ile rangi ya kahawia nyeusi ambayo mtaalamu wa maabara huiona kwenye darubini, ndani ya vimelea waliokomaa.

Kwinini ni besi dhaifu. Ikiwa haina chaji hupenya utando kwa urahisi, ila ikifika kwenye kifuko kile chenye asidi hupata chaji na kunaswa humo. Hapo inashikamana na hemu, tena inaganda juu ya nyuso za fuwele zinazokua, hivyo hemu mpya inakosa pa kujipanga. Sumu inarundikana hadi inamuua aliyeizalisha. Ushahidi wa njia hii ni mzito zaidi kwa klorokwini, ambayo hujikusanya kwenye kifuko hicho kuliko kwinini, kwa hiyo huenda kwinini ina pigo jingine pia.

Ndiyo maana mwarobaini hauwi kwinini kwa kuwa tu ni mchungu. Kwinini inatoka kwenye gome la sinkona, mti wa milima ya Andes ambao umepandwa pia Kivu, Kongo. Mwarobaini una kemikali za aina nyingine kabisa. Na hata gome la sinkona lenyewe si la kuchemsha nyumbani: kiasi cha kwinini hutofautiana sana kati ya mti na mti, na kati ya dozi inayotibu na inayodhuru pana nafasi ndogo.

Dhana: Kwinini inayeyusha hemozoini na kuisafisha kwenye damu.

Haiyeyushi. Fuwele iliyokwisha kuundwa inabaki. Mgonjwa anaweza kuwa amepona, na bado chembe nyeupe za damu zikaonekana zimebeba rangi ile. Rangi pekee, bila vimelea, haimaanishi kwamba dawa imeshindwa.

Dhana: Homa ikishuka siku ya pili au ya tatu, vidonge vilivyobaki ni vya akiba.

Kosa hili ndilo linalorudisha wagonjwa wengi. Kwa malaria ya falsiparamu, aina iliyo hatari zaidi, mzunguko wa kimelea ndani ya chembe nyekundu ni takribani saa 48. Akiwa bado mchanga, mwenye umbo la pete, anakula himoglobini kidogo, kwa hiyo hemu ni haba na kwinini haina cha kuzuia. Inampata vizuri anapokua na kula kwa wingi. Vimelea hawakomai wote kwa pamoja, hivyo dawa lazima iwepo kwenye damu kila kundi lao linapofikia umri huo, kwa mizunguko zaidi ya mitatu.

Mtu mzima wa kilo 60 hupewa miligramu 10 kwa kila kilo, yaani 600, kila baada ya saa 8 kwa siku 7. Kwa vidonge vya miligramu 300, ni viwili mara tatu kwa siku, jumla 42, na kwa kawaida huambatana na doksisaiklini au klindamaisini. Mlio masikioni na kichefuchefu ni vya kawaida kwenye dozi hiyo. Jasho jingi na kuchanganyikiwa ni jambo jingine: kwinini huchochea insulini, hivyo sukari ipimwe papo hapo, hasa kwa mjamzito.

Dhana: Malaria ikiwa kali, dripu ya kwinini ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Siku hizi dawa inayotangulizwa ni artesuneti ya sindano, ambayo inaua hata vimelea wa umbo la pete, kabla hawajakomaa na kunata kwenye mishipa midogo ya ubongo na viungo vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa artesuneti na 10.9 kwa waliopewa kwinini. Pale artesuneti inapokosekana, kwinini bado inatumika hospitalini: dozi ya kwanza ni miligramu 20 kwa kilo, ndani ya maji ya glukosi, ikidondoshwa kwa saa 4. Kuisukuma moja kwa moja kwenye mshipa kunaweza kuusimamisha moyo.