Euro za Maua: Ukinge Kiasi Gani, na Lini?

Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 160. Februari serikali ikauza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5, hofu kwamba ingeshindwa kulipa deni la dola lililokuwa likiiva Juni ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 132. Euro ikashuka nayo. Kwa mkulima wa maua wa Naivasha, Njoro au Subukia hiyo ndiyo miezi ambayo malipo ya msimu wa Valentaini huingia. Maua yalikuwa yaleyale na bei Ulaya ileile, lakini shilingi za kulipa vibarua zikawa chache.

Tangu wakati huo, swali ninaloulizwa zaidi kwenye dawati letu la fedha za kigeni hapa Nakuru ni hili: kwa nini nisifunge euro zangu zote mapema? Kufunga maana yake ni kukubaliana na benki leo kwamba siku fulani utaiuzia kiasi fulani cha euro kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Wengi huuita fowadi. Mkataba huo unakulinda, ila pia unakudai. Siku ikifika lazima uzilete hizo euro, iwe maua yalichanua au yaliliwa na ukungu.

Tuchukue shamba la mfano la waridi huko Subukia. Mwezi wa Septemba meneja anapanga mauzo ya 14 Februari na ya sikukuu za Machi. Hatua ya kwanza ni kutoa kwenye makadirio kila kitu ambacho hakitafika kwenye shilingi: kamisheni ya mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi, mrabaha unaolipwa wazalishaji wa aina za waridi, na nauli ya ndege, ambayo mara nyingi hudaiwa kwa dola. Euro zitakazogeuzwa kuwa dola kwa ajili ya nauli hazina haja ya kukingwa dhidi ya shilingi. Baada ya makato hayo, shamba letu linatarajia kubaki na euro 200,000 mwishoni mwa Machi. Hizo ndizo za kuzungumzia.

Sasa, 200,000 ni makadirio ya Septemba, na makadirio ya Septemba ni ndoto yenye hesabu. Mashina bado hayajakatwa vichwa ili yachipue maua ya Februari. Kwa hiyo namwomba meneja atoe daftari la misimu mitano iliyopita, tulinganishe alichotarajia Septemba na kilichoingia benki. Tuseme msimu mbaya kuliko yote ulileta asilimia 65 ya makadirio. Basi dari yetu ya Septemba, yaani kiasi cha juu kabisa cha kufunga, ni euro 130,000. Wengi hupenda kutumia wastani wa misimu, na hapo ndipo wanapojikwaa, kwa sababu wastani unamaanisha kuwa karibu nusu ya misimu ilileta chini ya hapo.

Upande wa pili kuna sakafu. Ni kiasi gani cha shilingi ambacho shamba haliwezi kukikosa mwezi huo: mishahara, umeme, mkopo wa benki? Kama bili hizo ni shilingi milioni 11, na bei ya fowadi ni 142, basi euro 80,000 zitazalisha milioni 11.36 na kuzifunika. Meneja akafunga 80,000, yaani asilimia 40. Angeweza kwenda hadi dari, lakini kila fowadi hula sehemu ya kikomo cha mkopo ambacho benki imempa, na bado miezi sita ilikuwa mbele.

Ieleweke kwamba bei ya fowadi huwa juu ya bei ya leo kwa sababu riba ya shilingi iko juu kuliko ya euro, si kwa sababu benki imeona mbele. Mwuzaji wa maua anafaidika na tofauti hiyo, lakini asiichukue kama utabiri.

Desemba vichwa vimekatwa. Kuanzia hapo waridi huchukua wiki nane hadi kumi na moja kufikia kuvunwa, kutegemea aina na mwinuko, kwa hiyo machipukizi yanayohesabiwa sasa ndiyo maua ya Februari. Hesabu inaonyesha kivungulio kimoja kimepigwa na ukungu, na makadirio yanashuka hadi 180,000. Angalia: bila kufunga hata euro moja zaidi, kiwango cha kinga kimepanda kutoka asilimia 40 hadi 44, maana kilichopungua ni kile kinachokingwa. Daftari linasema makadirio ya Desemba hayajawahi kukosea kwa zaidi ya asilimia 20. Dari mpya ni 144,000. Meneja anaongeza 50,000 kwa bei ya 140, jumla 130,000.

Mwisho wa Januari matumba yanaonekana na oda za supamaketi zimethibitishwa kwa bei iliyopangwa. Makadirio sasa ni 170,000, na kosa kubwa la kihistoria katika hatua hii ni asilimia 8. Dari ni 156,400. Anaongeza 20,000 kwa 138, jumla ikawa 150,000, sawa na asilimia 88. Mabaki anayaacha wazi kwa makusudi, kwa kuwa yanatoka kwenye mnada, na mnadani bei hujulikana siku ileile ya mauzo.

Machi zikaingia 165,000, na euro siku hiyo ilikuwa shilingi 130. Zile 150,000 zilileta milioni 21.12, na 15,000 zilizobaki zikauzwa kwa bei ya siku zikaleta milioni 1.95. Jumla ni milioni 23.07. Bila kinga yoyote angepata milioni 21.45.

Je, kama angefunga 200,000 zote Septemba? Angekosa 35,000 za kuleta, akalazimika kuzinunua sokoni. Kwa bei ya 130 angepata hata faida, na hapo ndipo mtu hujidanganya kwamba alikuwa na busara. Euro ingekuwa imepanda hadi 160, angenunua kwa 160 na kuuza kwa 142, hasara ya shilingi 630,000 kwa maua ambayo hayakuwahi kuwepo. Hiyo ni kamari, na mashamba hayakuanzishwa kwa ajili yake.

Katika safari nzima, hakuna hatua ambayo meneja aliongeza kinga kwa sababu alisikia shilingi itaimarika. Aliongeza kwa sababu alijua zaidi kuhusu maua yake. Naliona jambo hili kuwa kubwa, kwa maana uvumi wa bei ya euro hata sisi wa dawatini hatuujui ukweli wake, lakini hesabu ya machipukizi yeye anaijua kuliko mtu yeyote.

Tarehe nazo huteleza. Mnunuzi wa moja kwa moja akichelewa wiki tatu, fowadi ya 31 Machi inakuwa imefika bila euro, na kuisogeza mbele kuna gharama. Kwa wanunuzi wa namna hiyo omba mkataba wenye dirisha la siku, ambao unakuruhusu kuleta fedha wakati wowote ndani ya mwezi, ingawa bei yake huwa chini kidogo.

Na kila makadirio yanapobadilika, gawanya kiasi ulichofunga kwa makadirio mapya. Mvua ya mawe ikishusha makadirio hadi 75,000 huku 80,000 zimefungwa, umevuka asilimia 100 bila kutia saini popote. Ipigie benki yako siku hiyohiyo, kabla ya kukarabati kivungulio, ili sehemu ya mkataba imalizwe mapema wakati bado una nafasi ya kuchagua bei.