Kuhakiki barua ya udhamini wa viza ni nini?

Barua ya udhamini ni ile ambayo mtu huwaandikia maofisa wa viza kueleza kwamba safari ya jamaa yake ataigharamia yeye. Kuihakiki ni zaidi ya kusaka makosa ya sarufi. Ni kuweka kidole kwenye kila jina, namba na undugu uliotajwa, kisha kutafuta hati inayosema vilevile. Ofisa hawajui hao jamaa. Ana karatasi tu mezani, na zikipishana hutilia shaka zote.

Undugu ndio unaoponza wengi. Chukua mfano wa kijana wa Buruburu anayemdhamini mama yake mdogo aende kumtembelea binti yake Kanada. Barua kaiandika kwa Kiingereza, na humo kamwita mama. Kwetu hajakosea, kwani mdogo wa mama ni mama. Lakini cheti cha kuzaliwa cha kijana kina jina la mama mwingine, na katika fomu ya viza mama mdogo hakumtaja kijana huyo miongoni mwa watoto wake. Kwa ofisa, hapo pana mtu anayedanganya.

Marekebisho ni kuandika kwamba mwombaji ni mdogo wa mama mzazi wa mdhamini, kwa baba mmoja na mama mmoja, kisha kuufuata undugu huo kwa vyeti. Cheti cha kijana kinamtaja mama yake mzazi. Cheti cha mama mzazi na kile cha mama mdogo vinataja wazazi walewale. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na hapo watu huapa hati ya kiapo mbele ya wakili. Maneno ya kiapo nayo yafanane na ya barua. Neno "ndugu" pia litazame vizuri, maana sisi humwita hivyo hata binamu.

Jina lifuate pasipoti, hata kama nyumbani mnaliandika vingine: Mohamed asigeuke Mohammed. Mistari miwili ya alama chini ya ukurasa wa picha ni ya kusomwa na mashine, nayo huacha kibainishi, kwa hiyo Ng'ang'a huwa NGANGA. Usinakili kutoka huko. Hata namba ya pasipoti ichukue juu, kwa sababu kule chini nafasi tisa za namba hufuatwa na tarakimu moja ya ukaguzi, na nimeona watu wakiibeba kama sehemu ya namba. Pasipoti ikibadilishwa, namba nayo hubadilika, basi barua ya mwaka juzi usiirudie bila kuitazama.

Mimi huomba mtu wa pili ashike pasipoti, nami nasoma barua kwa sauti, herufi moja moja. Tarehe ya kuzaliwa tunaandika mwezi kwa jina, kwa sababu 03/04/1968 kwetu ni Aprili na kwa Mmarekani ni Machi.