Choo kimetoka, mbona bado unahisi kimebaki?

Mtu anamaliza haja kubwa, anajisafisha, anatoka chooni, na kabla hajafika sebuleni anahisi kuna kitu kimebaki. Anarudi. Anasukuma kwa nguvu, kinatoka kipande kidogo au hakitoki kitu kabisa, na hisia iko palepale. Wapo wanaorudi chooni mara nne kabla ya kwenda kazini. Wengi wao huamini kwamba tumbo halijasafika, basi hununua dawa ya kusafisha tumbo, wanaharisha siku mbili, na hali inarudi ilivyokuwa.

Sisi tunaohudumia wagonjwa wa tatizo hili tungependa jambo moja lieleweke: mara nyingi shida haiko kwenye choo chenyewe. Iko kwenye misuli inayopaswa kulegea ili choo kipite. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kusukuma zaidi ndiko kunakoendeleza tatizo.

Chini ya nyonga, kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, kuna misuli iliyotandazwa kama sakafu. Juu yake vimekaa kibofu, mfuko wa uzazi kwa mwanamke, na puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Msuli mmoja katika sakafu hiyo ndio mhusika mkuu wa habari hii. Umeanzia kwenye mfupa wa kinena, ukaizunguka puru kwa nyuma na kurudi mbele tena, kwa hiyo muda wote unaivuta puru kuelekea mbele. Puru inapinda, na pembe ya mpindo huo hukaribia digrii 90. Mpindo huu ndio unaotuwezesha kukaa, kutembea na kukohoa bila kujichafua.

Puru kwa kawaida huwa tupu au karibu tupu. Baada ya kula, hasa asubuhi, utumbo mpana hujikaza na kushusha choo, kuta za puru zinatanuka, na mishipa ya fahamu inapeleka taarifa kwenye ubongo. Pete ya misuli iliyoko ndani ya njia ya haja kubwa hulegea yenyewe. Pete ya nje na ule msuli uliozunguka puru hungoja amri yako. Ukikaa chooni na kuviachia vyote viwili, pembe inafunguka, njia inanyooka, na shinikizo dogo la tumbo linatosha.

Sasa kuna watu ambao wakisukuma, misuli hiyo inakaza badala ya kulegea, au inalegea nusu tu. Tumbo linasukuma kwenda chini huku mlango ukifungwa. Choo laini kinaweza kupenya kidogo kidogo, na sehemu nyingine inabaki juu ya mpindo. Mwenyewe hajui kwamba anabana. Kwa wengine mazoea haya yalianza baada ya mpasuko wa njia ya haja kubwa: choo kilikuwa kinauma, misuli ikajifunza kujikinga kwa kubana, kidonda kikapona na mazoea yakabaki. Kwa wengine yalianza shuleni, ambako choo hakikuwa na mlango na mtoto alijizuia mpaka arudi nyumbani. Kwa wengine hatujui chanzo, na matibabu ni yaleyale.

Lakini kwa nini hisia ibaki hata pale puru ilipokwisha kuwa tupu? Hili ndilo wagonjwa hutuuliza zaidi, na jibu lake lina msaada mkubwa. Taarifa ya kwamba kuna mzigo haitoki kwenye choo. Inatoka kwenye kuta za puru na kwenye misuli inayoizunguka, pale inapovutwa au kubanwa. Msuli uliokaza kwa nusu saa hupeleka taarifa. Utando wa ndani ya puru uliovimba kwa kusukumwa kila siku hupeleka taarifa. Bawasiri ya ndani, au sehemu ya utando iliyoshuka kidogo, hujaza nafasi ileile ambayo choo kingeijaza. Ubongo hauwezi kutofautisha. Mtu anasikia kimebaki, anasukuma, utando unavimba zaidi, na hisia inaongezeka. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Chukua mfano wa mwanamke wa miaka 34, mhasibu, mwenye mtoto mmoja. Anapata choo kila siku, kwa hiyo hajioni kuwa na tatizo la kufunga choo. Anakaa chooni karibu nusu saa na simu mkononi, halafu anarudi mara mbili au tatu. Choo chake ni laini, kwani anakula mboga na matunda ya kutosha na hutumia dawa ya kulainisha. Hana damu, hajapungua uzito. Amekwisha kupimwa choo na hakuna vimelea.

Kipimo cha kwanza kwake ni kidole cha daktari, na kinafanyika baada ya kumweleza na kupata ridhaa yake. Analala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Daktari anapapasa kama kuna uvimbe, anatazama kama puru ina choo, kisha anamwomba abane, halafu asukume kana kwamba anatoa choo. Mkono mwingine wa daktari uko juu ya tumbo. Kwa mtu ambaye misuli yake inaelewana, tumbo hukaza, kidole huhisi njia ikilegea, na msamba hushuka kidogo. Kwa mama huyu puru ilikuwa tupu. Alipoambiwa asukume, tumbo lilikaza sawasawa, lakini kidole kilibanwa kwa nguvu na msamba haukushuka. Alipoelezwa kilichotokea alishangaa, kwa sababu yeye alidhani amesukuma vizuri.

Hospitali zenye vifaa huongeza kipimo cha puto. Puto dogo laini huingizwa kwenye puru na kujazwa mililita 50 za maji ya uvuguvugu, kisha mgonjwa anaachwa peke yake chooni alitoe. Watu wengi wenye afya hulitoa ndani ya dakika 1. Mama huyu alishindwa hata baada ya dakika 3. Vipo pia vipimo vya kupima shinikizo la misuli na picha za eksirei zinazoonyesha puru inavyojitoa. Si kila mahali vinapatikana, lakini kidole cha daktari anayejua anachotafuta kinaweza kuonyesha mengi.

Tiba yake kuu ni kuifundisha misuli upya, kazi inayofanywa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyejifunza eneo la nyonga. Penye mashine, kihisio kidogo huwekwa njia ya haja kubwa na mgonjwa anaona kwenye skrini mstari ukipanda anapobana na kushuka anapoachia. Anajifunza kuushusha mstari huo huku akisukuma kwa tumbo. Kwa kawaida huhitajika vipindi kadhaa, vilivyoachana kwa wiki moja au mbili, na wengi wanaofundishwa hivi hupata nafuu. Pasipo mashine, mtaalamu hutumia mkono wake na maelekezo.

Nyumbani mama huyu alielekezwa hivi. Aende chooni baada ya kifungua kinywa, anaposikia haja, bila simu. Kama choo ni cha kukaa, aweke miguu juu ya kigoda cha sentimita 20 hivi, magoti yawe juu kuliko nyonga, ainame mbele na kuegemeza viwiko kwenye mapaja. Mkao huo unakaribia ule wa kuchuchumaa, ambao hufungua ule mpindo wa puru. (Choo cha kuchuchumaa kinasaidia, ila hakimkingi mtu ambaye misuli yake inabana.) Kisha avute pumzi hadi tumboni, aache tumbo litanuke mbele na kiuno kipanuke pembeni, mdomo na taya vikiwa vimelegea, na asukume taratibu huku akitoa pumzi. Kuzuia pumzi na kukaza uso hukaza na msamba pia. Dakika 10 zikipita bila mafanikio, ainuke.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kutorudi. Alielekezwa kwamba akihisi kimebaki baada ya kumaliza, atembee kidogo, apumue kwa tumbo, na asubiri. Haja ya kweli itarudi na kuongezeka. Hisia ya misuli iliyochoka, mara nyingi, hufifia yenyewe. Wiki za mwanzo zilimsumbua, kisha safari za kurudi chooni zikapungua hadi moja, na siku nyingine hakuna.

Hapa nitoe tahadhari. Wanawake wengi baada ya kujifungua hufundishwa kubana misuli ya nyonga ili kuzuia mkojo kuvuja, na ni mazoezi mazuri kwa tatizo hilo. Anayeshindwa kuachia anahitaji kujifunza kulegeza kwanza. Akiongeza kubana bila kupimwa, anaweza kuzidisha shida yake.

Misuli si chanzo pekee. Kwa baadhi ya wanawake waliozaa, ukuta kati ya puru na uke hulegea, na choo hujificha kwenye kifuko kinachojitokeza upande wa uke. Dalili yake ni kwamba mama hulazimika kubonyeza ndani ya uke au kwenye msamba kwa kidole ndipo choo kitoke. Wengi huona aibu kulisema, ilhali ni taarifa inayomsaidia daktari haraka sana. Maambukizi pia huleta hisia hii: kuhara damu kwa bakteria au amiba, na kichocho cha tumbo kwa watu wanaoishi kando ya Ziwa Victoria. Hapo mtu huhisi haja kila mara na kutoa ute au damu kidogo.

Na uvimbe kwenye puru, ikiwemo saratani, unaweza kuanza kwa hisia hiihii. Kwa hiyo usianze mazoezi yoyote kabla ya kupimwa ikiwa una damu kwenye choo, umepungua uzito bila sababu, umeambiwa una upungufu wa damu, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa na kuwa chembamba au cha mara kwa mara, haja inakuamsha usiku, au ndugu wa karibu amewahi kuugua saratani ya utumbo mpana. Vivyo hivyo kama hali imeanza ghafla na umevuka miaka 45. Usikubali kuambiwa ni bawasiri kabla hujapimwa kwa kidole, na daktari akiona inafaa, kwa kamera ya utumbo.

Ukienda hospitali, mweleze daktari unakaa chooni dakika ngapi, unarudi mara ngapi, choo ni kigumu au laini, na kama unatumia kidole kujisaidia. Kisha mwulize waziwazi: nikisukuma, misuli yangu inalegea au inabana?