Ombi la kuombewa sio ruhusa ya kulirusha

Timu nyingi za media za makanisa hapa Dodoma zinaamini mtu akishatuma ombi wasap kwenye namba ya huduma basi kakubali lisomwe kwenye video. Hapana jamani. Yeye kaomba aombewe, hajaomba atangazwe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaweka habari za afya na za imani kwenye taarifa nyeti, yani unatakiwa upate ridhaa ya maandishi kabla ya kuzitumia, na ombi la kuombewa mara nyingi lina vyote viwili kwenye sentensi moja.

Kingine wanasema "jina si tumelificha". Chukua mfano, mnasoma "mama mmoja muuza karanga Sabasaba, mtoto wake wa fomu tuu ana kifafa". Jina halipo ila soko zima lishajua ni nani, na yule binti kesho anaenda shule na wenzake wameshaiona. Semeni tu "mama mmoja anamwombea mwanawe mgonjwa", inatosha kabisa, Mungu anamjua. Na kama ni voisi noti msiipige, sauti inamtambulisha mtu kuliko hata jina.

Kuomba ruhusa ni meseji moja tu:

"Shikamoo mama. Ombi lako tumelipata na tunaliombea. Tunaomba kulisoma kwenye video ya Jumapili YouTube. Tutaje jina, tusiweke jina, au tusilisome? Hata ukikataa tutaendelea kukuombea."

Hiyo sentensi ya mwisho msiiache, maana mtu mwenye shida anaogopa kuwaudhi watumishi, anakubali huku moyo hautaki. Asipojibu, hajakubali. Akijibu pigeni skrinishoti mtunze pamoja na jina la video. Akija kubadili mawazo baadaye ni haki yake, mnaingia YouTube Studio, Editor, mnakata kile kipande na linki inabaki ileile, ila mwambieni mapema kwamba ambao washaidaunlodi hamwezi kuwafikia.

Klipu za watu mnazotumiwa wasap nazo zina uongo wake, kwamba ukiandika "kwa hisani ya" fulani umemaliza. Kumtaja mtu sio kupata ruhusa yake. Angalieni juu ya video kama imeandikwa Forwarded, ikiwepo basi huenda aliyewatumia siye aliyerekodi, muulizeni kaitoa wapi mpaka mumpate mwenyewe. Na hata mwenyewe akikubali, kama nyuma kuna wimbo wa kwaya ule wimbo una wenyewe pia, Content ID, ule mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo za watu, unaweza kuunasa hata mkiwataja mara kumi, kwahiyo ombeni kwaya ruhusa au ondoeni sauti. Mkishakubaliwa muulizeni anataka aandikweje, jina lake au la akaunti, muliweke kwenye skrini klipu yake ikiwa inacheza, na kwenye maelezo ya video pia, sio kulisukumia mwishoni ambako watu washaondoka.