Dondoo si muhtasari

Nimelisikia tena lile jibu la kwamba muhtasari ni ufupisho tu. Tumekaa barazani tunamngoja katibu wa kikundi atusomee muhtasari wa kikao kilichopita, naye anatushangaa: "Muhtasari si nshatuma kwenye kundi tangu siku ile ile?" Kweli katuma. Mistari saba, kila mmoja na kidoti chake mbele, na mmoja wao una maneno mawili tu: "Kamba zimeisha." Nikamwambia hizo ni dondoo. Akanipa jibu ninalolijua kabla halijamtoka mtu mdomoni: "Kwani ami, muhtasari maana yake si ufupisho?"

Muhtasari wa kikao, ambao wengine tunauita kumbukumbu za kikao, ni maandishi rasmi yanayoeleza nani walikutana, wapi na lini, walijadili nini na waliamua nini. Huandikwa kwa aya na kwa wakati uliopita, na huwa rasimu mpaka kikao kinachofuata kiuthibitishe, mwenyekiti na katibu wakatia saini. Dondoo ni alama anazojiwekea katibu daftarini ili asisahau. Maana yenyewe ndiyo hiyo, haina mengi.

Lililo na mengi ni hilo neno "ufupisho". Ni kweli kwamba muhtasari umetoka kwenye Kiarabu, mukhtasar, yaani kilichofupishwa. Waliosoma madrasa mpaka wakafika kwenye vitabu vya fiqhi wanazijua mukhtasari zenyewe: kitabu kikubwa hupunguzwa mpaka mwanafunzi akaweza kukihifadhi. Lakini tazama kinachopunguzwa. Huondoka ubishi wa wanazuoni, huondoka ushahidi mrefu, huondoka mifano. Hukumu haiondoki, wala kitenzi chake. Sijaona mukhtasari ulioandika "Udhu – maji – viungo" ukamwacha msomaji ajaze mwenyewe kama ni faradhi, sunna au makuruhu. Muhtasari wa kikao nao unafupisha maneno ya watu. Maamuzi yao haufupishi.

Dondoo ina asili yake, na ni yetu wenyewe. Kudondoa ni kuokota kimoja kimoja, kama punje za mchele zilizomwagika mkekani. Ukidondoa hukuandika, umeokota tu. Ndiyo maana mimi napenda zaidi neno kumbukumbu, ingawa maofisini wengi wanasema muhtasari na sina ugomvi nao. Kumbukumbu linataja kazi yenyewe: kukumbusha watu jambo ambalo kila mmoja keshaanza kulikumbuka kwa namna yake.

Kukumbuka kwa namna yake ndiko kulikotufikisha kwenye mzozo wa mashua. Kikundi chetu ni cha mwani, huku Pemba, na tunakutana wakati wa maji mafu kwa sababu wakati wa bamvu, maji yanapokupwa mbali, kila mtu yuko shamba, pwani. Katika zile dondoo saba, tatu zilikuwa hivi:

- Kamba zimeisha
- Mashua – kalafati – 180,000 – Mshika Fedha
- Ifanyike kabla ya bamvu lijalo

Soma mstari wa pili polepole. Je, Mshika Fedha ndiye aliyeleta habari kwamba fundi anataka shilingi 180,000 aitie mashua kalafati, yaani azibe mianya yake? Au ndiye aliyeagizwa azitoe? Au kuna mjumbe alipendekeza tu kwamba Mshika Fedha akaulize bei? Siku ile ile iliyoandikwa, sote tuliokuwapo tulielewa. Miezi miwili baadaye Mshika Fedha anasema alitoa taarifa tu, Mwenyekiti anasema kikao kilipitisha matumizi, na mashua bado inavuja. Hakuna aliyedanganya. Mstari hauna kitenzi, basi kila mtu kautilia chake.

Kuugeuza mstari huo kuwa aya, kwa hiyo, si suala la kuurefusha. Katibu anapaswa kuurejeshea vitu vitatu ulivyopoteza: nani alisema, alikuwa akitoa taarifa au pendekezo, na kikao kilifika wapi. Asipovijua, akawaulize wenyewe kesho yake, si mwezi ujao. Na akiuliza akakuta kweli hakuna uamuzi uliofikiwa, aandike hivyo hivyo: "Kikao kilijadili suala hili bila kufikia azimio." Hayo nayo ni kumbukumbu. Kubuni azimio ili aya ikae vizuri ni kosa kubwa kuliko kuleta dondoo.

Tulipokaa mimi na katibu tukauliza pande zote, ikadhihirika kwamba Mshika Fedha alileta taarifa na kikao kikapitisha. Katibu akaandika mwenyewe, kwa nia njema kabisa, hivi: "Mshika Fedha akasema mashua inavuja. Mwenyekiti akauliza bei. Mshika Fedha akajibu 180,000. Wajumbe wakakubali kwamba Mshika Fedha angetoa fedha kabla ya bamvu lijalo."

Ni Kiswahili safi, lakini hiyo ni hadithi. Kiambishi -ka- kazi yake ni kufuatanisha matukio: akaja, akakaa, akanywa maji, akaondoka. Bibi akikupigia hadithi usiku hawezi kwenda mbali bila hiyo. Katika kumbukumbu inaharibu kwa sababu inafanya kila tamko liwe na uzito mmoja, moja likifukuzana na jengine, na uamuzi unapita katikati kama tukio la kawaida. Kumbukumbu hutumia -li-: kikao kiliarifiwa, wajumbe walijadili, kikao kiliazimia. Na haina haja ya kurudisha kila aliyeuliza na kila aliyejibu. Hapo ndipo penye ule ufupisho anaoutaka kijana wetu.

Halafu "zimeisha" na "inavuja". Ukiandika "kamba zimeisha", msomaji wa mwakani ataelewa kwamba zimeisha leo anaposoma. Hali iliyokuwapo wakati wa kikao hurudishwa nyuma hatua moja: kamba zilikuwa zimekwisha, mashua ilikuwa ikivuja. Jambo la siku zote haliguswi. Kama mjumbe alisema mwani mchanga hukatika bahari ikichafuka, "hukatika" ibaki hukatika, maana hilo ni kweli jana na kesho.

Na hapa ndipo ninapokereka zaidi, pengine kupita kiasi: hiyo "angetoa". Skuli tulifundishwa kwamba usemi halisi ukigeuzwa kuwa usemi wa taarifa, -ta- huwa -nge-. "Nitakuja kesho" inakuwa "Alisema kwamba angekuja siku iliyofuata." Sahihi kabisa, na mtihani ulitupa alama. Lakini -nge- Kiswahili ina kazi nyengine ambayo ndiyo inayomjia mtu kwanza kichwani: ningekuwa na uwezo ningenunua. Yaani sina, na sikununua. Sasa msomee mtu ambaye hakuwapo kikaoni: "Wajumbe walikubali kwamba Mshika Fedha angetoa fedha." Lazima atauliza: angetoa kama nini? Kama angekuwa nazo? Na mbona hakutoa? Umelichukua azimio, kitu kigumu kuliko vyote katika kikao, ukalivisha nguo ya dhana.

Azimio si kauli ya mtu inayosimuliwa. Ni agizo, na agizo Kiswahili kina umbo lake, lile linaloishia na -e: atoe, anunue, walete, ikarabatiwe. Umbo hili halibadiliki hata kama kitenzi kilichotangulia kiko wakati uliopita. "Kikao kiliazimia kwamba Mshika Fedha atoe." Kiliazimia imepita, iko nyuma, atoe bado inamdai mtu mpaka aitekeleze. Hiyo -nge- waachie wale waliotoa ahadi au maoni yao wenyewe: "Fundi alieleza kwamba kazi ingemchukua siku tatu." Huyo anakisia, na -nge- inamfaa.

Limebaki "bamvu lijalo". Kila kikao kina lijalo lake. Leo, kesho, hapa, wiki ijayo, bamvu lijalo, yote hayo yana maana ukiwa umekaa pale pale siku ile ile. Kwenye karatasi hugeuzwa kuwa tarehe na mahali. Tulifungua kalenda tukaona bamvu walilokusudia wajumbe linaanza lini, tukaandika tarehe ya siku mbili kabla yake. Watu wa pwani tunajua bamvu huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo "lijalo" bila tarehe inampa mtu mlango wa kusema alidhani ni lile jengine.

Aya iliyotoka mwisho ni hii, chini ya kichwa cha matengenezo ya mashua:

"Kikao kiliarifiwa na Mshika Fedha kwamba mashua ya kikundi ilikuwa ikivuja na ilihitaji kutiwa kalafati, na kwamba fundi alitaka shilingi 180,000 kwa kazi na vifaa. Baada ya majadiliano, kikao kiliazimia kwamba mashua ikarabatiwe na Mshika Fedha atoe kiasi hicho kutoka mfuko wa matengenezo kabla ya tarehe 12 Mei."

Sentensi mbili. Ya kwanza taarifa, ya pili azimio, na mtu wa tatu asiyemjua hata mmoja wetu anaweza kusema nani anadaiwa nini na mwisho lini. Haya ya mfuko hayakuwamo kwenye dondoo kabisa. Yalitoka katibu alipouliza. Wametajwa kwa nyadhifa zao kwa sababu Mshika Fedha akibadilika kesho, azimio linabaki na kiti. Majina kamili yana mahali pake juu, kwenye waliohudhuria na waliotoa udhuru.

Na kwa kuwa ilikuwa rasimu, kikao kilipokaa, mjumbe mmoja alisimama akasema vifaa havikuwa ndani ya zile 180,000, ni kazi tu. Fundi akaulizwa, ikawa kweli. Aya ile ilisahihishwa, na masahihisho yenyewe yakaandikwa kwenye kumbukumbu za siku hiyo kabla ya saini. Nilimwona katibu wetu akiandika "kiliazimia kwamba… angeongeza", akasita, akakata, akaandika "aongeze". Sikusema kitu.

Nilimwambia jambo moja tu tulipokuwa tukitoka. Dondoo zako usizitupe, mwanangu, wala usiache kuzituma kwenye kundi usiku ule ule, wasiokuwapo wanazihitaji. Zihifadhi daftarini mpaka kumbukumbu zithibitishwe. Ila ukizituma, juu yake usiandike "Muhtasari". Andika "Dondoo".