Ruhani si malaika: dhana potofu kuhusu majini

Kwenye ngoma ya ruhani, jini wa kupanda kichwani, Unguja hakuna vitisho. Mwanamke aliyepandwa, anayeitwa kiti kwa kuwa pepo amemkalia, huvikwa nguo nyeupe, chetezo cha udi kikazungushwa na watu wakarashiwa marashi. Mpita njia angedhani ni maulidi. Ruhani akishapanda kichwani, fundi, yaani mganga anayeongoza ngoma, humsalimu kwa adabu na kumhoji: wewe nani, umetoka wapi, una shida gani? Naye hujibu, hujitaja jina na kabila, na hudai haki zake: ubani, pete ya fedha, sinia la vitu vitamu.

Dhana: ruhani ni malaika, au walau nusu malaika

Usafi wote huo, pamoja na jina lenyewe lililotokana na roho, umewafanya wengi waamini kuwa ruhani ni kiumbe wa mbinguni. Hata wapo wanaosema "nina malaika wangu" wakimaanisha ruhani. Lakini mwangalie anachoomba. Anataka sinia.

Katika Qur'ani, Nabii Ibrahim aliwaandalia wageni wake ndama wa kuchoma. Akaona mikono yao haigusi chakula, akaingiwa na hofu. Ndipo wakamfahamisha kuwa wao ni wajumbe wa Mola wake. Malaika hali, hanywi, haoi wala hazai. Kwa mujibu wa hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Bi Aisha, malaika ameumbwa kwa nuru, jini kwa ulimi wa moto, na Adamu kwa kile mlichokwisha kuelezwa, yaani udongo.

Jini yeye anakula. Imepokewa kwamba majini walimwomba Mtume riziki, naye akawaambia kila mfupa uliotajiwa jina la Mwenyezi Mungu utawajia ukiwa umejaa nyama, na samadi itakuwa malisho ya wanyama wao. Ndiyo sababu Waislamu wamekatazwa kustanji, yaani kujisafisha baada ya haja, kwa mfupa au samadi: ni chakula cha wengine. Kwa hiyo ruhani, awe mcha Mungu kiasi gani, yuko upande wetu wa meza. Huzaliwa, huoa, hufa, na siku ya kiyama atasimama kuhesabiwa kama sisi.

Dhana: majini ni malaika waliofukuzwa mbinguni

Hapa chanzo ni kisa cha Iblis. Malaika waliamrishwa kumsujudia Adamu, Iblis akakataa, na msikilizaji huona wazi kwamba basi naye alikuwa malaika. Sura ya Al-Kahf, aya ya 50, inasema alikuwa miongoni mwa majini, na hapo hapo inawataja wazao wake. Si haki kusema wanazuoni wote walikubaliana, maana katika tafsiri za kale zimo kauli zinazomhesabu Iblis kuwa wa kundi la malaika. Mwanazuoni wa kale Al-Hasan al-Basri alilikataa jambo hilo katakata: hakuwa malaika hata kwa kufumba na kufumbua jicho. Kwangu mimi kauli yake ndiyo inayosimama vizuri, kwa sababu malaika wanaelezwa kuwa hawamwasi Mungu kwa anachowaamrisha. Kuasi kunahitaji hiari, na hiari wamepewa majini na watu.

Dhana: jini anajua yaliyofichika

Hii ndiyo inayowapeleka watu kwa waganga usiku. Nani kaniibia, mume yuko wapi, kazi nitaipata?

Jibu lake limo katika kifo cha Nabii Suleiman. Majini walikuwa wakimtumikia kwa kazi nzito, wakijenga na kutengeneza masufuria makubwa yasiyohamishika. Suleiman akafa akiwa ameegemea fimbo yake. Wao wakaendelea kuchapa kazi, wakidhani bwana yuko macho anawatazama, mpaka mdudu wa ardhini, ambaye wafasiri wengi wanasema ni mchwa, alipoitafuna fimbo na mwili ukaanguka. Qur'ani inamalizia kwamba lau wangeyajua ya ghaibu, wasingebaki katika adhabu ile ya kudhalilisha. Yaani maiti alikuwa mbele ya macho yao na hawakujua.

Sasa mbona mganga wakati mwingine hupatia? Hadithi inasema jini hudokoa neno moja la kweli, akamnong'oneza kuhani wake, naye akalichanganya na uongo mia. Mteja hulikumbuka lile moja. Tena si kila kilichotajwa ni ghaibu: jambo lililokwisha kutokea chumbani kwako lina mashahidi, na jini, kwa imani hiyo, anaweza kuwa mmoja wao. Cha kesho hakijui, kama usivyokijua wewe.

Dhana: majini wote ni mashetani

Katika Sura ya 72, majini wenyewe wanasema miongoni mwao wamo wema na wasio wema, tena wamo Waislamu na waliopotoka. Shetani ni yule aliyeasi, awe jini au mtu. Lakini pwani neno limegeuka: Mzanzibari akisema "ana shetani", mara nyingi hana maana ya Iblis, anazungumzia pepo wa kupanda, mwenye kabila lake. Ruhani ni Mwislamu kutoka Uarabuni, rubamba anatoka Pemba, habeshia ni wa Uhabeshi, na kibuki katokea upande wa Bukini, yaani Madagaska, na Ngazija. Kibuki hunywa brandi. Kiti wake anaweza kuwa mama asiyegusa ulevi mwaka mzima. Kwa imani ya wanachama wa ngoma hiyo, usiku ule aliyekunywa si yeye. Masheikh wengi hawaikubali hoja hiyo.

Orodha hii ya makabila haimo katika vitabu vya dini. Vitabuni kuna mgawanyo unaotajwa katika hadithi: wenye mbawa warukao hewani, wanaokuja kwa sura ya nyoka na mbwa, na wanaotua na kuhama. Ya pwani ni ramani ya Bahari ya Hindi, bandari kwa bandari, iliyopandishwa kichwani.

Na mwanamke mrembo wa buibui, ambaye akiinua vazi unaona kwato? Huyo anafanana na ghuli, zimwi wa masimulizi ya kale ya Waarabu, aliyesemekana kuwa na miguu ya punda. Huenda alivuka bahari, akahamia vichochoro vya Mombasa. Mzimu naye ni mwingine kabisa: huyo ni wa wazee waliokufa na mahali pao, mapangoni na kwenye mibuyu, na alikuwapo kabla ya misikiti.

Dhana: mtoto akikakamaa, kapigwa na subiani

Subiani hulaumiwa kwa maradhi ya watoto wachanga. Homa inapanda, mtoto anakakamaa, macho yanageuka weupe, anarusha mikono, na ubani unawashwa. Hiyo ni degedege, na kwenye maeneo ya malaria mara nyingi ndiyo malaria iliyokwisha kuwa kali. Asipotibiwa anaweza kufa siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20. Hakuna aya wala hadithi inayomtaka mzazi angoje fundi kwanza, na kisomo kinasomeka hata ndani ya bajaji, njiani kwenda hospitali.