Kuku wamekufa ghafla: kwa nini daktari anatafuta jibu karibu na mkia?

*"Kuku wangu chotara wana wiki tano. Jana wamekufa kumi na mmoja, leo kumi na sita. Kwa nini daktari unataka kuwapasua waliokufa badala ya kunipa dawa ya walio hai?"* (Mfugaji wa Pasua, Moshi)

Kwa sababu kwa nje wote wanaumwa namna moja: kuku anajikunyata, manyoya yanasimama, anaharisha. Mdondo na Gumboro ni virusi, havina dawa. Kuhara damu na homa ya matumbo vina dawa, lakini si dawa moja. Ukibahatisha unapoteza hela na siku mbili, na siku mbili kwenye banda la kuku 200 ni nyingi.

Mama huyu alikuwa ameweka wa jana kwenye kiroba, juani. Hao niliwaacha. Mzoga uliokaa joto unadanganya: ini linageuka kijani pale linapogusana na nyongo, utumbo unaoza, na mtu anaona ugonjwa ambao haupo. Nilichukua watatu waliokufa alfajiri hiyo. Kama daktari yuko mbali, weka mzoga kwenye friji, usiugandishe, maana barafu inaharibu nyama ya ndani.

Kwanza namlowesha kuku kwenye maji ya sabuni ili manyoya na vumbi visiruke. Nikiona kichwa kimevimba na upanga umekuwa wa bluu, naishia hapo, sipasui. Huenda ni mafua makali ya ndege, na hayo yanaambukiza watu. Hawa hawakuwa hivyo. Nikawalaza chali, nikakata ngozi kati ya paja na tumbo, nikavunja nyonga mpaka miguu ikalala.

Kabla hata ya kufungua tumbo kulikuwa na la kuona. Nyama ya kidari ilikuwa kavu na nyeusi kidogo, kuku aliyeishiwa maji. Kwenye paja kulikuwa na michirizi ya damu, kama mtu amechora kwa kalamu nyekundu.

Nikanyanyua kidari. Utumbo huwa naufungua mwisho, kwa sababu ukitoboka unachafua kila kitu. Ini halikuwa limevimba wala kuwa na rangi ya shaba, ile ya homa ya matumbo. Moyo safi. Figo zimevimba na zina weupe kama chokaa. Nikapasua tumbo dogo lililo kabla ya firigisi: mstari wa damu pale zinapoungana. Wengi wakiuona huo wanasema mdondo palepale. Haraka ya bure, kwani Gumboro nayo huuacha. Mdondo mkali huacha zaidi: vidonda vya damu hapa na pale ndani ya utumbo, na tezi zilizo mwanzoni mwa ile mifuko miwili mirefu ya mwisho wa utumbo zinavilia damu. Nilifungua utumbo wote kwa mkasi, sikuona. Mifuko yenyewe haikuwa na damu, kwa hiyo kuhara damu kukatoka.

Ikabaki bursa, kifuko kilichojificha mgongoni mwa njia ya kinyesi, chini ya mkia. Ndimo zinamokomaa seli za kinga za kuku mdogo, na virusi vya Gumboro huvamia hapo hasa kati ya wiki ya tatu na ya sita. Yake ilikuwa imevimba karibu mara mbili, imefunikwa ute wa manjano kama jeli, na nilipoipasua ndani ilikuwa na damu. Wote watatu hivyohivyo. Kwa umri ule, na kwa michirizi ile ya paja, sikuwa na shaka kubwa, ila uthibitisho hutoka maabara. Bursa mbili nikazipeleka TVLA Arusha kwenye boksi la barafu.

"Lakini niliwachanja siku ya 14!" Nikamuuliza alichanganya na maji gani. Ya bomba, yenye klorini, ambayo huua chanjo. Na alikuwa ameibeba kwenye mkoba bila barafu, kama alivyopewa dukani.

Antibiotiki alizonunua hazigusi virusi. Nilichomwambia ni maji safi mengi yenye glukosi, joto usiku, mizoga izikwe ndani kabisa kwenye shimo lenye chokaa, na asichukue vifaranga wapya mpaka maranda yatolewe na banda lipuliziwe dawa, maana virusi hivi hukaa bandani kwa miezi. Siku iliyofuata walikufa tisa, kisha wanne, siku ya sita hakufa hata mmoja. Ndivyo Gumboro inavyokwenda, inapanda haraka na kushuka haraka.

Waliobaki wana bursa zilizoharibika, kwa hiyo chanjo ya mdondo waliyopata inaweza isiwe imeshika. Nilimwambia asubiri wapone kabisa, kisha airudie, safari hii kwa tone la jicho, mmoja mmoja.